Walininyima Kalamu, Nikaomba Kisu

Walinikataa kwa sababu ya herufi g. Ningekataliwa kwa wizi au kwa ulevi ningeelewa, maana hayo ni makosa ya mtu mzima. Lakini g! Karani mkuu wa kampuni aliishika karatasi yangu ya mtihani kwa ncha za vidole, akaisogeza mwangani, akasema, "Kijana, g zako zote zimelewa. Tazama hii, inaangukia mstari wa chini."

Nikatazama. Kweli ilikuwa inaanguka.

Hiyo ni Songea, miaka michache baada ya vita ya Maji Maji, Wadachi wakiwa bado wanatembea kama watu walioiumba nchi kwa mikono yao. Kampuni yao ya biashara ilikuwa imejenga ghala la bati chini kidogo ya Boma, inanunua mpira wa mwitu na nta. Ikatangaza inataka karani msaidizi. Mimi nilikuwa nimesoma misheni miaka miwili kabla vita haijaiunguza. Nilijua kusoma, kuandika na kujumlisha, na kijijini kwetu hilo lilitosha kunifanya nijione msomi wa dunia. Tulifika wawili. Mwenzangu alitoka pwani, shule ya serikali, tena kavaa viatu. Tukasomewa barua tuiandike, tukapewa hesabu, tukaambiwa turudi siku ya tatu. Niliporudi, yule wa viatu alikuwa tayari ameketi mezani anajaribu wino.

"Nafasi imepata mtu," akasema karani mkuu. Alikuwa mzee wa Lindi, kanzu safi, kofia ya viua, sauti ya pole. "Hesabu zako nzuri, sikufichi. Ila Bwana Mdachi anataka mwandiko wa kupeleka Ulaya. Riziki ni ya Mungu, mwanangu."

"Asante, mzee," nikasema kwa mdomo. Moyoni nilisema mengine, ambayo siyaandiki hapa kwa sababu wajukuu zangu wanajua kusoma.

Kilichoniuma si g peke yake. Jumbe wetu alikuwa na orodha. Kijana asiye na kazi inayoeleweka jina lake liliingia humo, na walioingia walipelekwa pwani kwenye mashamba ya mkonge. Msafara wa kwanza ulikuwa umekwenda na hatukupata hata salamu. Wa pili ulikuwa unangoja mwezi uandame. Aliyeandikwa kazi ya kampuni ndiye aliyeachwa. Na mimi nyumbani nilikuwa na mama peke yake. Vita ilimchukua baba, njaa iliyofuata ikawachukua dada zangu wawili. Nikienda mkonge, mama angebaki na kuku mmoja, na kuku mwenyewe alikuwa kipofu.

Nilimkuta anasaga ulezi. Hakuinua kichwa.

"Wamekuchukua?"

"Wamenikataa."

"Nani kakukataa?"

"Herufi."

"Herufi ndiye nani? Ni Mdachi?"

"Si mtu, mama. Ni maandishi. Naandika vibaya."

Akasaga kidogo, akafikiri, akasaga tena. "Kwani hawana kazi nyingine pale isiyo na huyo Herufi?"

"Mama! Mtu akikunyima nyama, unarudi kumwomba mchuzi?"

"Kama nina njaa narudi," akasema. "Na mchuzi wenyewe naumwagia ugali. Ebo! Wewe una aibu ya nini? Mficha uchi hazai."

Niliondoka nimevimba. Nilikuwa na hasira za karibu wakati ule, na sasa ninazo za karibu zaidi, ila miguu haina mbio za kuzifuata. Siku mbili nilikaa nyuma ya nyumba nikichonga mpini ambao hatukuuhitaji. Siku ya tatu ilikuwa ya soko la mpira, nikajiambia nakwenda kutazama tu. Uongo. Nilikwenda kumwona yule wa viatu akikosea.

Hakukosea, mshenzi yule. Lakini nikaona jambo jingine.

Mpira wa siku zile ulitoka kwenye mitambaa ya porini, mimea inayopanda juu ya miti. Watu walikata gome, utomvu ukiganda wanauvuta nyuzi na kuzikunja hadi ziwe donge. Na kwa kuwa donge lilinunuliwa kwa uzito, kila mtu alikuwa na ujanja wake wa kuliongezea uzito. Mmoja anatia jiwe katikati, mwingine mchanga, mwingine gome la mti, na mafundi hasa walikuwa wanafungia maji ndani. Kwa hiyo kampuni iliweka mkaguzi. Anasimama penye mlango wa ghala na kisu, anabonyeza, ananusa, anapasua, kisha anapaza sauti ili Bwana aliyeketi na daftari upande wa pili wa kiwanja aandike: "Safi!" au "Jiwe!" au "Mchanga!" au "Gome!" au lile kosa la nne.

Hilo la nne ndilo lililokuwa balaa. Nani Songea angepaza sauti aseme "Maji!" chini ya Boma, askari wawili wa Mdachi wamesimama getini?

Lazima nieleze, maana vijana wa leo mnalitaja neno hilo mnavyotaka. Watu walinyongwa Songea kwa ajili yake. Wazee wetu walipewa maji yenye dawa wakaambiwa risasi zitayeyuka. Kijijini kwetu yaliletwa na mzee mmoja wa kupita, aliyetoka upande wa Lusewa na kibuyu chake. Alikuwa hana kidole gumba mkono wa kushoto. Mimi niliushika ule mkono, nikamkaribisha ndani na kumpa kigoda. Baba akanywa, akapakwa kifuani, akatucheka sisi wenye wasiwasi. Risasi haikuyeyuka. Tangu siku hiyo mama hakulitamka tena neno lile, kwa Kiswahili wala kwa Kingoni, maana kwetu huitwa manji, karibu neno lilelile. Akiwa na kiu alisema, "Nipe ya mtungini." Mvua ikinyesha alisema, "Yanashuka." Na si yeye tu. Nusu ya mji tulikuwa tunazungukia neno hilo kama watu wanaokwepa shimo la choo.

Sasa turudi kwa mkaguzi. Wangoni wawili walikuwa wameshajaribu kazi ile wakaikimbia. Mmoja alikuwa akipasua donge lenye maji anasema "Mvua!" na Bwana anatazama juu. Wa tatu, niliyemkuta siku ile, alikuwa Myao wa upande wa Nakapanya, jitu la miraba minne, na yeye alidhani amepata dawa. Akipasua donge likitoka maji anapaza sauti kwa Kiyao: "Mesi!"

Bwana akainuka, akaingia ghalani, akatoka na kisu, akampa.

Myao akakipokea kwa heshima. Akapasua jingine. "Mesi!" Bwana akakunja uso, akaingia, akaleta kisu kingine. La tatu, "Mesi!" Jamani! Kumbe Kidachi kisu ni mesa, au kitu kinachofanana na hicho. Mpaka karani mkuu alipokuja mbio kuamua, yule Myao alikuwa na visu vinne, viwili ameshika na viwili amechomeka kiunoni, na madonge matatu ya maji yalikuwa yameshaandikwa safi. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Bwana hakucheka. Myao akafukuzwa palepale, akaenda zake akiuliza watu amekosa nini, na hakuna aliyeweza kumjibu kwa kicheko.

Nikiwa bado chini, ndipo akili ikanijia. Kazi iko wazi, mbele ya macho yangu, na mimi mpira naujua. Mimi na baba tulikuwa tunakata mitambaa kila kiangazi porini upande wa Namtumbo. Hata huo ujanja wa kufungia maji baba alinifundisha, Mungu amrehemu, alikuwa fundi. Kilichobaki ni kumeza aibu na kusema neno moja. Vyote viwili vilinikaba.

Nikamngoja karani mkuu atoke kuswali adhuhuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ah, mwenye g! Umekuja kukata rufaa?"

"Sikuja kwa ile, mzee. Ile imekwisha, na mwenzangu ananizidi kweli, nimemwona. Nimekuja kuuliza hii ya kisu. Naweza kuiomba mimi niliyekataliwa?"

"Nani kakwambia ukikataliwa kazi moja umekataliwa na kampuni nzima? Wangapi wamepita hapa Bwana akasema huyu hafai kwa mizani, kumbe anafaa kwa ghala, lakini wameshakwenda zao wamenuna. Bwana hatamfuata mtu kijijini. Andika barua. Fupi. Sema wewe ndiwe uliyefanya mtihani siku ile, hukuchukuliwa, unashukuru, sasa unaomba ufikiriwe kwa kazi hii. Taja kazi yenyewe, usiseme kazi yoyote. Anayeomba kazi yoyote hana anayoijua. Sema kwa nini hii unaiweza. Na mtihani wako wa hesabu ninao, useme uko hapa, usipoteze siku kupimwa upya. Wala usilie ndani ya barua. Bwana akiona machozi kwenye karatasi anadhani wino umemwagika."

Akanipa karatasi. Nikaketi barazani, nikaandika kwa bidii, kila g nikiishika shingo isianguke. Nikamletea. Akasoma mstari wa kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasoma wa pili. Akafika wa tatu, kofia ikamwinuka kichwani.

"Astaghfirullah! Umeandika nini hapa?"

"Wapi, mzee?"

Akasoma kwa kunong'ona, macho yako getini kwa askari: "'Mimi naijua sana dawa ya maji, nilifundishwa na marehemu baba yangu.'"

Nilimaanisha ule ujanja wa wauzaji. Kwetu ujanja wowote wa siri tunauita dawa. Haki ya Mungu sikuona ubaya wowote mpaka niliposikia kwa sauti ya mtu mwingine.

"Unaomba kazi au unaomba kitanzi?" akasema, na karatasi akaitafuna. Sitanii. Hakuichana, aliitafuna, mzee wa watu mwenye meno manne, akaimeza nusu na nusu akaitema kwenye maua. "Andika nyingine. Na mimi nimefunga sunna leo, umenifungulisha."

Ya pili niliandika: najua mpira mzuri na mbaya, kwa kubonyeza, kwa kunusa na kwa kupasua, na nitataja kosa lililomo kwa Kiswahili cha kueleweka. Akaisoma mara tatu. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Bwana atakuuliza, kesho nafasi ya karani ikitokea, si utaacha kisu? Utamjibu nini?"

"Nitasema siitaki tena."

"Utamdanganya na atajua. Mtu haombi kalamu Jumatatu akaichukia Ijumaa. Sema kweli, ila iseme vizuri."

Bwana mwenyewe alikuwa mtu mnene, mwekundu, Kiswahili chake alikijenga kama mtu anayepanga mawe bila udongo. Akaisoma barua, akanitazama, akaisoma tena.

"Wewe wiki hii taka kalamu. Leo taka kisu. Kesho taka nini? Kiti yangu?"

Karani mkuu alikohoa.

"Kalamu niliiomba, Bwana, nikashindwa, na aliyeipata anaistahili. Kisu nakiomba kwa sababu mpira naujua kuliko g. Nimeukata tangu nikiwa mdogo."

"Na karani nyingine ikitoka?"

"Nitaiomba, Bwana. Lakini utakuwa umeshaniona ninavyofanya hii, na siondoki mpaka nimfundishe wa kushika kisu."

Akapiga meza kwa kidole mara mbili tatu. Kisha akasema hanipi kazi kwa maneno. Wale watatu wote walikuwa na maneno. Nije siku ya soko ijayo, nikague mbele ya watu. Nikiweza, ataniandika siku hiyohiyo na kupeleka cheti kwa jumbe. Nikishindwa, asinione tena.

Nikahesabu. Siku ya soko ijayo ilikuwa siku mbili kabla ya mwezi kuandama.

Nyumbani nilifanya mazoezi. Nilikwenda mtoni mbali na watu, nikafungua mdomo. "Ma..." nikasema. Mto ukanitazama. "Ma..." Likakwama. Nikatukana kwanza ili koo lizibuke, matusi yakatoka vizuri kabisa, lakini neno likabaki palepale. Fikiria mtu mzima amesimama penye mto hawezi kutaja kilichomo ndani yake! Nilirudi nimejidharau.

Siku ikafika. Watu walijaa, mizigo imepangwa, kila muuzaji amekaa nyuma ya madonge yake kwa uso wa malaika. Nilipewa kisu kimoja tu. Bwana yuko mezani na daftari, karani mkuu na yule wa viatu pembeni yake, askari wawili getini. Nikaanza. Donge la kwanza: safi. La pili: mchanga. La tatu lina jiwe kubwa hata mwenyewe akajifanya kushangaa, "Ala! Limeingiaje?" Watu wakacheka, na mimi nikaanza kujisikia. Mikono ilikuwa inakumbuka kazi ya baba. Safi. Gome. Safi.

Nikafika kwa mzee mmoja aliyekuwa mwishoni mwa mstari, ameinamisha kichwa, miguu imeliwa na funza. Nikalishika donge lake kubwa. Lilikuwa baridi kuliko mengine. Nikabonyeza, likazama na likachelewa kurudi, na hapo nilijua kabla ya kisu. Nikapasua. Yakatoka, yakanimwagikia mkononi, yakashuka hadi kwenye kiwiko.

Mzee akanyoosha mkono kulizuia donge lisianguke. Mkono wa kushoto. Hauna kidole gumba.

Sitadanganya kwa kuwa nimezeeka. Kitu cha kwanza nilichotaka ni anyongwe. Nilimtaka pale pale, kwa kamba, mbele yangu, na mama aje atazame. Boma lilikuwa bado linawatafuta waliogawa dawa. Ningesema tu, "Maji! Na huyu ndiye aliyeyaleta kwetu," basi, kazi ningepata na zawadi juu. Hakunijua. Nilikuwa kijana asiye na ndevu alipoingia kwetu na kibuyu. Sasa nilikuwa mtu mwenye ndevu na kisu. Lakini askari wakinisikia nalitaja neno lile nikimtazama mtu yule, mwenye mkono ule, hata nisiposema zaidi, wangeweza kumshuku. Na nikinyamaza, ni mkonge, na mama na kuku kipofu.

"Nini hapo?" akapaza sauti Bwana. "Wewe lala?"

Mzee aliniangalia. Nikaona kitu kilichonikera kuliko vyote: alikuwa na njaa. Mtu aliyewapeleka wenzake mbele ya risasi amerudi kuuza maji mara ya pili, safari hii ndani ya mpira, kwa ajili ya chumvi na kitambaa. Ningecheka kama nisingekuwa nalia.

Nikafungua mdomo, na likatoka lote.

"Maji!"

Mtu mmoja nyuma alidondosha mzigo. Askari mmoja akageuka, akaja kwa hatua ndefu, bunduki ikimgonga pajani. "Maji gani? Nani kasema maji?"

"Maji tu, afande," nikasema. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka, na macho sikumpa askari, nilimpa yule mzee. "Maji ya mtoni. Hayana dawa. Hayakuwa na dawa tangu mwanzo."

Askari akatazama donge, akatazama mkono wangu uliolowa, akaniona mpumbavu, akarudi getini. Karani mkuu alikuwa anasoma dua bila sauti. Bwana akacheka, tumbo likatikisa meza.

"Vizuri! Huyu sema. Andika: maji." Akamwonyesha yule wa viatu kalamu. "Na andika huyu pia. Kazi."

Mzee hakungoja mizani. Aliokota vipande vyake viwili, akaviweka ndani ya kikapu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kingoni, mimi ni mwana wa nani. Nikamtajia baba. Aliinamisha kichwa, akaondoka kwa ile miguu yake ya funza akipita katikati ya askari wawili. Hakuna aliyemgusa. Sikumwona tena, na sijui kama nilimsamehe. Nadhani hapana.

Karani mkuu alinipigia muhuri cheti mwenyewe, akaniambia g iliyomo ndani yake imeandikwa na mtu mwingine kwa usalama wa wote.

Nilipitia kwa jumbe na cheti, nikafika nyumbani jua bado liko juu. Mama alikuwa penye jiwe lake, unga umemjaa mikononi.

"Wamekuchukua?"

"Wamenichukua. Jumbe ameshafuta jina."

"Herufi amekubali?"

"Herufi hakuulizwa, mama."

Akacheka, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi. Ndipo nikamweleza yote. Nilidhani nitamficha habari ya ule mkono, nikashindwa. Nilipofika hapo, jiwe likasimama. Akaniuliza nilisema nini, nikamrudishia maneno yangu yaleyale: maji tu, hayana dawa, hayakuwa nayo tangu mwanzo.

Alifuta uso kwa mkono wenye unga, unga ukabaki shavuni, na machozi yakapita katikati yake. Kuku kipofu akaja akaanza kudonoa penye mguu wake, hakumfukuza. Baadaye sana akanyoosha mkono upande wa mtungi, bila kuniangalia.

"Nipe maji," akasema.

Nikainuka, nikamchotea.